Mchumba ananipungukia urefu: tafiti za wapenzi zinasema nini hasa?

*Swali*

Habari za kazi. Nina miaka 29, naishi Tabata, ni mhasibu kwenye kampuni ya mizigo. Urefu wangu ni sm 172. Kuna kaka tumekuwa pamoja mwaka na nusu, sasa anataka kutuma washenga. Tabia yake sina shaka nayo, kazi anayo. Shida ni kimo: tukisimama pamoja kichwa chake kinaishia kwenye paji la uso wangu. Yeye anasema ana sm 168, mimi naona hafiki. Shangazi ameshaanza maneno, "Huyo utambeba mgongoni siku ya harusi?" Halafu mwenzangu ofisini kanitumia habari ya utafiti kwamba mwanamke hutosheka zaidi mume akimzidi kwa sm 21, na kwamba wanaume nao hupenda wafupi kwao. Mchumba anasema yeye hajali hata kidogo. Nimwamini? Na mimi, kusema ukweli, tangu zamani nilijiambia lazima nimpate mrefu. Je, nitakuja kujuta?

Mrefu wa Tabata

*Jibu*

Dada wa Tabata,

Hiyo namba 21 haikutungwa. Ipo, na imetoka kwenye utafiti mzuri tu. Ila kabla hujaiacha ikuharibie posa, inabidi ujue walioulizwa ni akina nani na waliulizwa nini.

Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2013 na Gert Stulp na wenzake wa Chuo Kikuu cha Groningen, Uholanzi. Walioulizwa ni wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Waliokuwa na wapenzi walieleza urefu wao, urefu wa mpenzi, na kiasi wanachoridhika na kimo chake. Wasichana walioridhika zaidi walikuwa wale wanaozidiwa na wapenzi wao kwa sm 21. Wavulana walioridhika zaidi walikuwa wale wanaowazidi wapenzi wao kwa sm 8. Mwenzako wa ofisini alichukua namba ya kwanza akaiacha ya pili, na ya pili ndiyo inayomhusu mchumba wako.

Uholanzi ndiko kwenye wanaume warefu kuliko nchi zote. Vijana wa kiume waliozaliwa huko mwaka 1996 wana wastani wa sm 182 na nusu, wasichana kama sm 169. Kwa hiyo hata ukiwaoza kwa kura, mume wa kawaida angemzidi mke kwa sm 13 au 14 hivi. Kufika 21 wanaongeza kidogo tu juu ya kile ambacho nchi yao inacho tayari. Kwetu Tanzania, kwa waliozaliwa mwaka huohuo, wastani wa wanaume ni karibu sm 165 na wa wanawake karibu sm 156. Tofauti ni sm 9. Kuchukua kipimo cha Uholanzi ukakitumia Dar es Salaam ni sawa na kununua suruali kwa saizi ya mtu mwingine. Isitoshe, walichopimwa wale wanafunzi ni kuridhika na kimo cha mpenzi. Hiyo si sawa na kuulizwa kama uhusiano wenyewe una amani, wala hawakuwa watu wenye ndoa ya miaka kumi. Na hiyo 21 ni kilele cha mlima wenye miteremko. Aliyekuwa na tofauti ya sm 15 hakuwa mtu wa kulia usiku.

Sasa, je, ni kweli wanawake wanapenda warefu na wanaume wanapenda wafupi? Kwa nchi zilizoendelea, ndiyo, lakini mizani haiko sawa. Wanawake ndio wanaobana, wanaume wamelegeza. Jambo hili limejirudia kwa namna nyingi za kuuliza. Wapo watafiti waliochambua mikutano ya Marekani ambako watu wasiojuana hukaa wawiliwawili kwa dakika chache, kisha kila mmoja huandika nani angependa kumwona tena. Wanawake walielekea zaidi kwa mwanaume anayewazidi kwa sm 25. Wanaume walielekea kwa mwanamke anayepungua kwao kwa sm 7 tu. Waliokubaliana, yaani wote wawili waliandikana, walikuwa wengi zaidi kwenye tofauti ya sm 19. Tazama hapo: hakuna upande uliopata namba yake kamili. Uchaguzi wa wawili huwa ni maafikiano hata pale watu wanapojuana kwa dakika chache, sembuse mwaka na nusu.

Utafiti mwingine wa Marekani, wa Yancey na Emerson, uliangalia matangazo ya kutafuta wachumba mtandaoni. Asilimia 13.5 ya wanaume ndio waliosema wanataka mwanamke mfupi kwao na si vinginevyo. Wanawake waliotaka mwanaume mrefu kwao tu walikuwa asilimia 48.9. Kwa hiyo mwanaume anayesema "sijali" hasemi jambo la ajabu, wenzake wengi waliandika hivyo hivyo kwenye matangazo ambayo hakuna mtu aliyekuwa anawakodolea macho. Na upande wa wanawake, nusu nzima hawakuweka sharti hilo. Habari ikiandikwa "wanawake wanataka warefu" ni kweli, ikiandikwa "nusu ya wanawake hawakuweka sharti" nayo ni kweli, na zote zimetoka kwenye jedwali moja. Ukitumiwa habari ya namna hii siku nyingine, tafuta kwanza kama swali lilikuwa "unapenda nini zaidi" au "usichokubali kabisa ni kipi". Majibu ya maswali hayo mawili hayafanani hata kwa mtu mmoja.

Kuna kingine ambacho mwanamke wa kimo chako anafaa akijue. Mtafiti wa Poland, Bogusław Pawłowski, aliwaonyesha watu michoro ya mwanamume na mwanamke waliosimama pamoja, kila mchoro una tofauti yake ya urefu, kuanzia mwanaume mrefu sana hadi mwanamke akiwa amezidi kidogo. Wengi walichagua mchoro wa katikati, ambao mwanaume amemzidi mwanamke kwa kama asilimia 9. Lakini wanawake warefu walichagua tofauti ndogo kuliko wanawake wafupi, na wanaume wafupi vilevile walichagua tofauti ndogo. Watu hurekebisha matakwa yao kulingana na kimo chao wenyewe, mara nyingi bila kujijua. Namba ya jumla, kama hiyo 21, inawachanganya wote kwenye chungu kimoja. Ya kwako ilipaswa kuwa ndogo tangu mwanzo.

Hayo ni ya kusema na kuchagua michoro. Ndoa zenyewe zikoje?

Uingereza kuna mradi mkubwa unaofuatilia watoto waliozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, na ndani yake kuna taarifa za jozi zaidi ya 12,000 za wazazi wanaoishi pamoja. Stulp na wenzake walihesabu: katika asilimia 92.5 ya jozi hizo, baba ni mrefu kuliko mama. Mtu akiona hivyo anasema, basi, yamekwisha, wanawake hawaolewi na wafupi. Lakini watafiti hawakuishia hapo. Waliwachukua wanaume wale wale na wanawake wale wale wakawachanganya upya kwa bahati nasibu kwenye kompyuta, kana kwamba kila mtu ameolewa na aliyemtokea. Matokeo: mwanaume alikuwa mrefu katika asilimia 89.8. Yaani karibu yote unayoyaona barabarani, baba mrefu na mama mfupi, yangetokea hata kama hakuna mtu duniani aliyejali kimo, kwa sababu wanaume kwa wastani ni warefu. Kujali kwa watu kumeongeza chini ya asilimia 3. Sisemi haipo, ipo na inapimika. Lakini ni ndogo mno ukilinganisha na kelele zake.

Na sasa nirudi nyumbani, maana Tanzania imetoa utafiti muhimu kuliko watu wanavyojua. Rebecca Sear na Frank Marlowe walipima Wahadzabe wa eneo la Ziwa Eyasi, wakachapisha mwaka 2009. Katika ndoa 207, mke alikuwa mrefu kuliko mume katika ndoa 17, sawa na asilimia 8.2. Walipolinganisha na bahati nasibu, ikawa ni kiasi kile kile ambacho kingetokea bila mtu kuchagua kimo. Walipima na uzito, mafuta ya mwili, na hata nguvu ya kiganja kwa kile kifaa cha kubana mkononi. Urefu na uzito havikuwa na mpangilio wowote kati ya mume na mke. Kitu pekee kilichoonyesha dalili ya kufanana kati yao ni ile nguvu ya kubana.

Miaka sita baadaye, 2015, Piotr Sorokowski na wenzake, akiwemo Marina Butovskaya, walichapisha utafiti ambao Wahadzabe walionyeshwa michoro. Wengi wakachagua mchoro wenye mwanaume aliyemzidi mwanamke kwa urefu mkubwa. Ukisoma utafiti mmoja unaambiwa Wahadzabe hawajali kimo, ukisoma wa pili unaambiwa wanapenda tofauti kubwa. Mtu mvivu atasema mmoja umekosea. Mimi naona vyote viwili vinasimama. Ukimwonyesha mtu michoro ambayo kila kitu ni sawa isipokuwa urefu, atachagua kwa urefu, kwa sababu hujampa kingine cha kuchagulia. Kwenye ndoa kuna ukoo, kuna kazi, kuna nani yuko karibu na hana mtu, kuna ulimi wa mtu na hasira zake. Urefu unasukumwa nyuma ya foleni. Lakini nisikufiche lililo kinyume: kwenye utafiti huo wa 2015, waliochagua michoro yenye tofauti kubwa walikuwa kweli na wenzi wenye tofauti kubwa zaidi. Huenda walioa walichopenda, huenda pia wamependa walichooa. Utafiti wa siku moja hauwezi kutenganisha hayo mawili.

Majirani wao, Wadatoga, ndio wamewavuruga kabisa watafiti. Sehemu kubwa yao walichagua michoro ya pembeni kabisa: mwenzi mrefu sana kuliko wao, au mfupi sana kuliko wao, hata kwa wanawake. Na Wahimba wa Namibia walielekea kupenda wenzi waliolingana kimo. Kwa hiyo mtu akikwambia "wanawake wote duniani wameumbwa hivyo", mwambie aanzie Manyara.

Nimetumia nafasi kubwa kwenye tafiti kwa sababu ndizo zilizokutisha. Sasa tuje kwenye hesabu yako, chukua kalamu.

Wastani wa mwanaume wa Tanzania tumesema ni kama sm 165. Urefu wa watu hutawanyika kwa namna inayojulikana: karibu wawili kati ya watatu huwa ndani ya sm 6 au 7 juu au chini ya wastani. Tuchukue 6.5. Wachukue wanaume 1,000 wa rika lako, wasio na wake, wapange uwanjani. Ukitaka awe na sm 172 au zaidi, yaani akufikie tu, wanabaki kama 140. Ukitaka akuzidi kwa sm 5, wanabaki kama 32. Ukitaka akuzidi kwa sm 10, wanabaki wanne au watano. Ukitaka zile 21 za Groningen, yaani mwanaume wa sm 193, kati ya hao 1,000 hapatikani hata mmoja. Utasema vijana wa Dar wamekula vizuri zaidi, ni warefu kuliko wastani wa nchi. Haya, pandisha wastani hadi 168. Wanaokufikia wanakuwa kama 270, wanaokuzidi kwa sm 10 wanakuwa kama 16, wa 193 bado hawaonekani. Na hapo hujauliza kama wana kazi, dini gani, wanakunywa kiasi gani, na kama wenyewe wanakutaka. Kila sharti linakata lililobaki. Zaidi ya hapo, hao warefu hawakusubiri wewe peke yako, msichana wa sm 155 naye anawatazama.

Ukishusha sharti la urefu, ukasema tu asinipungukie zaidi ya sm 10, kati ya wale 1,000 wa mwanzo wanabaki kama 680. Toka wanne hadi 680. Huo ndio ukubwa wa kile ulichojiambia tangu zamani.

Geuza hesabu upande wa pili. Mwanamke wa sm 172 katika nchi ambayo wastani ni 156 ni mmoja kati ya zaidi ya 100. Mchumba wako, hata akiwa na 166, yuko juu kidogo ya wastani wa wanaume wenzake. Mweke kwenye kituo cha mwendokasi Kimara asubuhi, hutamwona amezama. Wewe ndiye uliyezidi. Shangazi anamwita mfupi kwa sababu anamwona akiwa amesimama pembeni yako tu. Na kwa hesabu hiyo hiyo, kama Watanzania wangeoana bila kuangalia kimo kabisa, mke angekuwa mrefu kuliko mume katika ndoa kama 15 kati ya 100. Kwenye mtaa wenye nyumba 40 ni ndoa sita.

Kuhusu zile 168 zake. Kuna utafiti wa New York, wa mwaka 2008, ambapo watu 80 waliokuwa na wasifu kwenye mitandao ya kutafuta wachumba waliitwa wakapimwa urefu na uzito, na umri wao ukahakikishwa kwa kitambulisho. Wanane kati ya kumi walikuwa wameandika uongo kwenye angalau kimojawapo, ila uongo mwingi ulikuwa mdogo, na kwenye urefu wanaume ndio walioongeza zaidi. Sm 2 za kujiongezea ni za kawaida sana, na mara nyingi si uongo wa makusudi: alipimwa na viatu siku ya usaili fulani, akaikariri namba.

Mkitaka kujua, pimaneni hivi. Wote wawili pekupeku, sakafu iwe tupu bila zulia. Visigino, makalio na mabega viguse ukuta, macho yatazame mbele sawasawa, kidevu kisiinuliwe. Chukua kitabu chenye jalada gumu, kiegemeze ukutani kwa upande wake wa mgongo, kishushe mpaka kiguse fuvu, weka alama ya penseli chini yake, kisha pima kutoka sakafuni kwa futi ya chuma ya mafundi. Ile ya cherehani hujivuta ikizeeka. Kosa kubwa ni kulaza kitabu bila kukigusisha ukuta, kikiinama kidogo kinakula sm 2 au kuongeza 2. Kosa la pili ni nywele. Kama umesuka rasta ukazifunga juu, kitabu kinakaa juu ya fundo, zifungue au zitenganishe kitabu kifike kichwani. Na mpimwe wakati uleule: mtu hupungua kama sm 1, wakati mwingine zaidi, toka asubuhi hadi jioni, kwa sababu diski za uti wa mgongo hubanwa na uzito wa kutwa. Akipimwa yeye alfajiri na wewe baada ya kutoka kazini, namba haziongei lugha moja.

Mfanye hivyo kwa mchezo lakini, msigeuze mahakama. Kama ni 166 na si 168, tofauti yenu ni sm 6. Kisigino cha kiatu cha kawaida cha kazini ni sm 5 hadi 7. Huenda karibu nusu ya unachokiona kioo cha duka Kariakoo kinapowaonyesha ni viatu vyako.

Umeuliza umwamini. Tafiti zinaruhusu umwamini, lakini tafiti ni za watu wengi na wewe una mmoja. Angalia anachofanya. Je, amewahi kukuambia uvae vya chini mnapokwenda kwa rafiki zake? Mkipiga picha hutafuta ngazi asimame juu, au hutaka wewe ukae? Dereva wa bodaboda akirusha utani, "mzee umemchukua mama mkubwa", anacheka na kuendelea, au siku nzima inaharibika? Na muhimu zaidi, je, anakupunguza kwa mengine ili apande yeye: anakukosoa mbele za watu, anauliza sana kuhusu wanaume warefu wa ofisini kwenu? Mwaka na nusu unatosha kuyajua hayo. Kama majibu ni mazuri, yale "sijali" yake ni ya kweli. Kama anajali kidogo lakini anakutaka, hiyo nayo si dhambi, wengi wa wanaume wa Groningen walipendelea kuzidi kidogo na bado wana wapenzi wao.

Kinachobaki ni wewe, na hapo sitakubembeleza. Barua yako inasema shangazi, mwenzako wa ofisini, utafiti, halafu mwisho kabisa, kwa sentensi moja, unasema wewe mwenyewe ulitaka mrefu. Utafiti mmoja wa Indonesia unakuhusu hapa. Kitae Sohn alichambua wanawake walioolewa zaidi ya 7,000 waliohojiwa mwaka 2007. Aliona kweli kwamba pale mume alipomzidi mke zaidi, mke alisema ana furaha kiasi zaidi. Tofauti ilikuwa ndogo. Na ilizidi kupungua kadiri ndoa inavyokuwa ya miaka mingi, mpaka ilipofika miaka 18 ikawa haipo. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba kimo hakitakugusa kabisa. Miaka ya mwanzo kinaweza kukugusa, hasa kwenye sherehe na picha, kisha kinafifia.

Jiulize jambo moja, bila shangazi kuwepo: mkiwa wawili tu, mmekaa mnakula au mmelala, mwili wako unamtaka? Kama unamtaka, na aibu inakuja pale tu watu wanapotazama, basi tatizo lako ni watazamaji, na watazamaji huzoea. Kama hata mkiwa peke yenu unamwona kama mdogo wako, hilo si suala la sentimita na hakuna utafiti utakaolitibu. Usimwache akatuma washenga ukitegemea utamzoea baadaye. Mwambie sasa, kabla ya barua ya posa, kwa sababu mahari ikishapokelewa kila neno lako litakuwa kesi ya ukoo mzima.

Ukiamua ndiyo, zungumza na shangazi mapema na umpe kazi kwenye kitchen party, watu wenye kazi hawana muda wa utani. Mwambie kwa heshima: "Shangazi, huyu ndiye niliyemchagua, naomba unisaidie kumtunzia heshima yake mbele ya wageni." Akishaombwa heshima ya mkwe, kumcheka kunamrudia yeye.

Viatu, vaa unavyovipenda, ila amueni pamoja kabla ya kununua gauni, kwa sababu fundi hukata urefu wa pindo kwa kiatu utakachovaa siku yenyewe. Ukimpelekea fundi kiatu cha sm 9 kisha siku ya harusi ukabadili mawazo ukavaa cha sm 2, utakuwa na sm 7 za gauni zinazoburuza sakafuni, na kwenda mbele utakuwa unajikanyaga. Mpiga picha mwambieni awapige mkiwa mmekaa, mkitembea, au mmesimama hatua moja moja za ngazi, na zile za kusimama bega kwa bega awapige kutoka kiunoni kwenda juu kamera ikiwa usawa wa macho ya bwana harusi. Akipiga kutoka chini, anayesimama karibu na kamera huonekana ameongezeka, na wapiga picha wengi humweka bibi harusi mbele.